Aya moja, dai moja: majibu kwa wenye rasimu zinazotangatanga

Mwalimu wangu ameandika "aya zinatangatanga" juu ya insha yangu ya kurasa nne. Niitupe nianze upya?

Usiitupe. Rasimu ya namna hiyo kwa kawaida ina mawazo ya kutosha, ila mawazo mawili matatu yamebanana katika aya moja, na wazo jingine limegawanyika katika aya tatu zilizo mbalimbali. Ukirudi kwenye karatasi tupu utatangatanga vilevile, kwa kuwa bado hujajua unadai nini.

Kiunzi kitoe ndani ya rasimu yenyewe. Zipe aya namba, kisha pambizoni mwa kila moja andika sentensi moja inayoeleza aya hiyo inadai nini. Andika inachosema, si ulichokusudia iseme. Wengi hujidanganya hapa, kwa sababu mwandishi anaposoma kazi yake hujijazia kichwani yale ambayo hayamo kwenye karatasi. Basi isome aya mara moja, ifunike, ndipo uandike. Aya ikikudai sentensi mbili au tatu, ziandike zote; umeshaipata aya yenye matatizo. Aya usiyoweza kuiandikia hata moja itie alama ya kuuliza.

Ukimaliza, nakili sentensi hizo peke yake kwenye ukurasa mmoja. Huo ndio kiunzi cha insha uliyoiandika, na mara nyingi si kile cha insha uliyodhani umeiandika. Panga upya kwenye ukurasa huo kwanza. Rasimu iache ilivyo.

Na tafadhali, tahajia na mapambo ya lugha vingoje. Sentensi uliyoisugua kwa nusu saa hutakubali kuifuta hata ikiwa haina kazi, na insha nyingi hubaki zimevurugika kwa sababu hiyo tu.

Nimetengeneza kiunzi kabisa: 1. Usingizi. 2. Simu. 3. Masomo. 4. Wazazi. 5. Walimu. Mbona insha bado haieleweki?

Swali hili hunijia kila mara, na kila mara kiunzi chenyewe ni orodha ya majina. "Usingizi" ni mada. Chini ya neno hilo unaweza kuandika chochote: faida zake, upungufu wake, ndoto, magodoro. Ndiyo maana aya inatangatanga huku kiunzi kikionekana safi.

Shuleni wengi tulizoeshwa kuandika vidokezo vya neno moja moja kabla ya insha. Vinafaa kukumbusha mtu mambo ya kugusia. Haviwezi kukuonya kwamba aya imetoka nje ya njia, kwa sababu havikuweka njia yoyote. Dai ni sentensi kamili ambayo mtu mwenye akili zake anaweza kuijibu, "Si kweli," au, "Thibitisha." Hakuna awezaye kukataa "Simu." Anaweza kukataa "Kuwanyang'anya vijana simu hakutoshi kuwapa usingizi wanaouhitaji." Geuza kila jina katika orodha yako liwe sentensi ya namna hiyo. Jina likigoma kugeuka, huna aya hapo.

Naomba mfano wa aya moja unavyoichambua, maana maelezo peke yake hayanitoshi.

Ombi la haki. Hii ni aya kutoka insha inayotaka masomo ya sekondari yaanze baadaye asubuhi. Nimezipa sentensi namba.

(1) Kijana anayebalehe huchelewa kupata usingizi kwa sababu mwili wake huanza kutoa melatonini, homoni ya usingizi, usiku zaidi kuliko wa mtoto mdogo. (2) Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 za kulala kwa mwenye miaka 13 hadi 18. (3) Simu nazo zinawakesha sana. (4) Mwanafunzi aliyelala kidogo hukumbuka kwa shida aliyofundishwa. (5) Wazazi wengine wanalalamika kwamba ratiba zao za kazi zitavurugika. (6) Walimu pia huchoka. (7) Kwa hiyo masomo yaanze saa mbili na nusu asubuhi.

Kila sentensi ikisimama peke yake ina maana, na zote zinahusu jambo moja. Mwandishi akiulizwa, atasema aya yake ina umoja. Umoja wa mada inao. Umoja wa dai haina.

Sentensi ya 1 na ya 2 ni za kazi moja, ila dai linaloziunganisha halijaandikwa. Lazima liandikwe: mwili wa kijana haumruhusu kulala mapema, kwa hiyo kumwamsha alfajiri ni kumpunguzia usingizi. Hapo hesabu inaonekana. Anayepata usingizi saa tano usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri amelala saa 6, yaani amekosa saa 2 hata kwa kiwango cha chini. Hesabu hiyo haikuwamo katika rasimu, kwa sababu mwandishi alikimbilia simu kabla hajaimaliza hoja.

Sentensi ya 3 ndiyo hatari, na wengi wangeiacha mahali pake. Inaonekana kuongeza nguvu, kumbe inaibomoa ya 1. Kama kinachowakesha ni simu, basi suluhisho ni kuzima simu, na saa ya kuanza masomo haina kosa. Mwandishi ameweka pingamizi ndani ya hoja yake mwenyewe bila kujua. Itoke, ipewe aya yake, na ijibiwe huko: simu huzidisha tatizo, lakini hata asiye nayo mwili wake unachelewa.

Ya 4 ni dai jipya, kwamba upungufu wa usingizi unaharibu kumbukumbu. Linahitaji ushahidi wake na aya yake. Ya 5 ni pingamizi la namna nyingine, maana halipingi sababu, linapinga utekelezaji. Nayo ipewe aya. Ya 6 haina ushahidi wala haisaidii dai lolote, kwa hiyo ifutwe. Ya 7 ni dai la insha nzima. Makao yake ni utangulizi. Imewekwa mwishoni mwa aya hii ili "kwa hiyo" ifunike nyufa zote zilizotangulia. Kila uonapo "kwa hiyo" mwishoni mwa aya, rudi nyuma uulize imetokana na sentensi ipi. Hapa haikutokana na ya 5 wala ya 6.

Aya moja imezaa nne. Usiogope insha kurefuka, kwani aya nyingine zitaungana nazo: popote penye kumbukumbu katika kurasa zako, leta hapa.

Aya iwe na sentensi ngapi?

Zinazotosha kuthibitisha dai lake. Naomba tuache kuhesabu sentensi.

Sasa nina madai manne safi. Nitajuaje lipi litangulie? Nilifundishwa pingamizi zote ziwekwe mwishoni.

Sisemi mwalimu wako alikosea, lakini kanuni hiyo haitoshi. Yaandike madai mfululizo, kisha kati ya kila mawili jaribu kuweka kiunganishi: "kwa sababu", "lakini", "kwa hiyo", "hata hivyo". Kikikaa, mpangilio una sababu. Kama kinachokubali ni "pia" au "vilevile" tu, madai hayo yamekaa jirani kwa bahati, na ungeweza kuyabadilishana nafasi bila msomaji kugundua. "Pia" moja si dhambi. "Pia" tatu mfululizo ni orodha iliyovikwa nguo za insha.

Pingamizi huwekwa karibu na kile linachokipinga. Katika mfano wetu, pingamizi la simu linashambulia dai kuhusu mwili, kwa hiyo lifuate papo hapo. Ukiliacha hadi ukurasa wa mwisho, msomaji atasoma kurasa tatu akijisemea "si simu hizo tu?" na hatakusikiliza katikati. Pingamizi la wazazi linashambulia pendekezo lote, basi hilo lingoje hadi pendekezo liwe limesimama. Mpangilio unakuwa mwili, simu, kumbukumbu, wazazi. Usomeke hivi: mwili wa kijana huchelewa kulala, simu huzidisha hali hiyo lakini si chanzo, kwa hiyo anayeamshwa alfajiri hufika darasani na usingizi pungufu, na upungufu huo unamharibia kumbukumbu, hata hivyo wazazi wana ugumu wa kweli unaohitaji jibu. Mtu ambaye hajaiona insha yako anapaswa kuielewa hoja yote kwa mistari hiyo peke yake. Msomee mtu, usijisomee.

Nimehamisha aya kama ulivyoshauri, na sasa insha inasomeka kama vipande vilivyogundishwa.

Ni lazima iwe hivyo kwa muda. Kila aya ilibeba maneno yanayoelekeza kwa jirani yake wa zamani: "hali hii", "jambo hilo", "kama tulivyoona", "sababu nyingine". Jirani amehama, maneno yamebaki. Pitia sentensi mbili za kwanza za kila aya ukiyatafuta. Kila "hii" na "hilo" liulize linaelekeza wapi. Likikosa jibu, taja kitu chenyewe: "upungufu huu wa usingizi" badala ya "hali hii". Angalia pia maneno ya kitaalamu. Ukiipeleka nyuma aya iliyoeleza melatonini, aya iliyotangulia inaweza kuwa inaitaja kama kitu kinachojulikana.

Usizibe nyufa kwa kumwaga "aidha" na "isitoshe" mwanzoni mwa kila aya. Viunganishi hivyo havijengi uhusiano usiokuwapo.

Kuna sentensi nzuri sana niliyoiandika lakini haina aya ya kukaa. Nifanyeje?

Ihifadhi katika faili jingine. Isirudi kwenye insha hii.

Ni lazima dai liwe sentensi ya kwanza ya aya? Na je, dai moja haliwezi kuchukua aya mbili?

Si lazima, ila liweke mwanzoni mpaka uwe na sababu ya kulihamisha. Sababu nzuri ni pale msomaji atakapolikataa dai kabla hajaona ushahidi. Basi tanguliza ushahidi, umfikishe mwenyewe. Usipoweza kuitaja sababu yako, lirudishe juu.

Dai moja linaweza kuchukua aya mbili kama ushahidi ni mrefu, kwa mfano aya moja ieleze uchunguzi ulivyofanyika na nyingine matokeo yake. Kwenye kiunzi ziandike mstari mmoja wenye 2a na 2b, ili usije ukadhani una hoja mbili. Aya fupi ya kumvusha msomaji kutoka sehemu moja hadi nyingine nayo haidai kitu, na ni halali, mradi isizidi sentensi mbili. Insha ya kusimulia tukio usiipitishe katika zoezi hili hata kidogo. Huko aya hufuata wakati na mahali, na ukilazimisha dai kila aya, utamkatisha msomaji masimulizi kila baada ya mistari mitano ili umhubirie.