Kwa nini cheusi lakini kingi: ushauri kwa anayeanza kupanga kanuni za fonolojia

Nimesahihisha mazoezi mengi ya fonolojia, na swali la mpangilio wa kanuni ndilo linalowaangusha wengi, hata wale ambao kanuni zenyewe wanaziandika vizuri. Wanajua kanuni A na kanuni B. Wakiulizwa ipi inatangulia na kwa ushahidi gani, wanabuni tu. Nitatumia data ambayo hakuna msomaji wa hapa atakayeibishia: kiambishi ki- na vivumishi vyake.

Tunasema kitabu kirefu, kitambaa cheusi, chakula kingi. Wingi wake ni virefu, vyeusi, vingi. Mashina ni -refu, -eusi na -ingi, na kiambishi ni kilekile. Kwa hiyo umbo la ndani la maneno yetu ni /ki-refu/, /ki-eusi/ na /ki-ingi/. La kwanza halina kazi. Hayo mawili mengine ndiyo yenye utamu, kwa sababu yote yana irabu mbili zinazokutana, lakini yanaishia pengine kabisa.

Tunahitaji kanuni tatu. K1: i ikifuatwa na i nyingine, moja hudondoka. K2: i ikifuatwa na irabu, hugeuka kiyeyusho y. K3: k na y zikifuatana, huwa ch. Angalia kwamba sikuandika kanuni moja inayogeuza ki- kuwa ch- moja kwa moja. Wanafunzi wengi hufanya hivyo ili kufupisha, kisha wanashindwa kueleza vyeusi na myeusi (miti myeusi), ambako i imegeuka y lakini hakuna ch popote. K2 inafanya kazi kwa ki-, vi- na mi- sawasawa. K3 ni ya k peke yake. Ukiziunganisha umepoteza ujumla huo.

Sasa ukokotozi wenyewe:

```
            /ki-eusi/   /vi-eusi/   /ki-ingi/
K1          --          --          kingi
K2          kyeusi      vyeusi      --
K3          cheusi      --          --
            [cheusi]    [vyeusi]    [kingi]
```

Soma safu ya kwanza. Mwanzoni K3 haina pa kushika, kwa sababu ndani ya /ki-eusi/ hakuna y. K2 ndiyo inayoitengeneza y hiyo, na papo hapo K3 inapata kazi. Huku ndiko kulisha: kanuni ya kwanza inazalisha mazingira ambayo ya pili inayahitaji. Ukigeuza mpangilio, K3 itapita bila kukuta kitu, kisha K2 itageuza i, na utabaki na *kyeusi. Hakuna anayesema hivyo, na kosa hilo ndilo ushahidi wako. Katika /vi-eusi/ K2 inafanya kazi ileile, lakini K3 hailishwi chochote kwa kuwa hakuna k. Kwa hiyo unapodai ulishaji, taja neno unalolizungumzia.

Safu ya tatu ni kinyume chake. /ki-ingi/ lina i iliyofuatwa na irabu, yaani K2 ilikuwa na haki kamili ya kulishika. Lakini K1 imetangulia, imedondosha i moja, na K2 imekuta meza imeshaondolewa. Huku ndiko kunyima: kanuni ya mbele inayaharibu mazingira ya inayofuata. Geuza tena. K2 ikitangulia inatoa kyingi, K3 inaidaka na kutoa *chingi. Si Kiswahili. Vilevile *vyingi na *myingi. Tunasema vingi na mingi. Uhusiano huu wa kulisha na kunyima ulipewa majina na Paul Kiparsky mwaka 1968, na tangu hapo kila kitabu cha fonolojia zalishi kinaubeba.

Hapa msahihishaji makini atakuuliza: je, si ungeandika K2 iseme "irabu yoyote isipokuwa i"? Ungefanya hivyo, kunyima kungetoweka, na K1 na K2 zisingehitaji kupangwa hata kidogo. Jibu zuri si kukana. Jibu ni kwamba K1 unaihitaji kwa vyovyote ili upate kingi, na ukishakuwa nayo, ile "isipokuwa i" inarudia habari ambayo mpangilio tayari umeibeba. Wengine watakwambia kanuni mahususi hutangulia ile ya jumla bila kuamriwa, na K1 ni mahususi kuliko K2. Hoja hiyo naikubali zaidi kuliko orodha ya namba zilizopangwa kwa mkono. Lakini kumbuka haikusaidii kwa K2 na K3, kwa kuwa hakuna iliyo mahususi kuliko mwenzake.

Halafu kuna kiatu. Kwa kanuni zetu /ki-atu/ lingetoa *chatu, na chatu ni nyoka, si kitu cha kuvaa mguuni. Wengi huandika "neno lisilofuata kanuni" na kusonga mbele. Angalia lugha ndugu kwanza. Kikuyu kina kĩratũ, yaani pale ambapo sisi hatuna kitu, wao wana konsonanti. Kiswahili kimedondosha l nyingi za namna hiyo kati ya irabu, na athari zake bado unaziona katika kaa na kalia, au chukua na chukulia. Tuite udondoshaji huo K4, tuanze na ki-latu. K4 ikija mwisho, K2 inapita wakati l bado iko katikati, haioni irabu mbili zikikutana, na i inabaki i. Baadaye l inaondoka na tunapata kiatu. K4 ingeweza kuilisha K2 lakini imechelewa. Matokeo yake ni neno ambalo kwa nje linaonekana kuivunja K2.

Usiishie hapo ukajipongeza. Huo ni mpangilio wa kihistoria: badiliko moja lilitokea baada ya jingine. Kudai kwamba msemaji wa leo ana l kichwani anapotamka kiatu ni dai jingine, na neno hili halibadiliki popote kukuonyesha l hiyo. Kwa kalia ushahidi upo, kwa kiatu haupo. Andika wazi ni lipi kati ya hayo mawili unalolitetea. Wala usitumie l iliyopotea kama dawa ya kila kitu: kiongozi linatokana na ongoza, na kulitungia konsonanti ya kale bila ushahidi kutoka lugha nyingine ni ulaghai.

Kwa kiongozi mimi ningeangalia mpaka wa mofimu kabla ya kitu kingine. Linganisha nimekiona: ki- ya yambwa imekutana na o, lakini hakuna asemaye *nimechona. Nimekiiba nayo inabaki na i zote mbili, kwa hiyo hata K1 imekaa kimya. Kanuni zote mbili zimesita mahali pamoja, kati ya kiambishi cha yambwa na shina la kitenzi. Basi unapoandika K1 na K2, weka ndani yake kwamba zinahusu upatanisho wa vivumishi, vimilikishi kama changu na vyangu, na nomino kama chombo na vyombo. Nomino zilizotoka kwenye vitenzi zikusanye kando, uone ni ngapi zinafuata kiongozi na ni ngapi zinafuata chombo, kabla hujazitungia kanuni.