Maswali na Majibu: Sura Ile Si ya Babu

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu picha za familia zilizopitishwa kwenye programu za akili mnemba, kwa hiyo maswali ya lenzi na betri yatasubiri.

Shikamoo, fundi. Babu alifariki mwaka 1979, na picha pekee tuliyo nayo ni ya chuo cha ualimu, 1968. Kijana wa stationari aliikata sura yake, akaikuza kwa programu ya simu, nasi tukaitia fremu. Mama anasema huyo si baba yake, kwani babu alikuwa na mwanya. Nani yuko sahihi? (Tanga)

Marahaba. Mama yuko sahihi, na ningeomba fremu hiyo ishushwe ukutani kabla wajukuu hawajaizoea.

Picha uliyonitumia ina upana wa pikseli 1600, kwa sababu ilipigwa kwa simu juu ya meza kisha ikapitia WhatsApp. Mstari wa babu una watu 15 waliobanana, kwa hiyo sura yake ina upana wa pikseli 40 hivi, na jicho lake moja halizidi pikseli 8. Ili kujaza nusu ya upana wa fremu ya sentimita 20 kwa 25 kwa uchapaji mzuri, sura hiyo inahitaji upana wa pikseli 1180 hivi. Hiyo ni kukuza karibu mara 30 kila upande, yaani mahali palipokuwa na pikseli moja ya babu sasa pana takriban 900. Programu za zamani zilipokuza picha zilisambaza rangi baina ya pikseli jirani, na matokeo yakawa ukungu, lakini ukungu ule ulikuwa mkweli. Hizi za sasa zimefunzwa kwa sura nyingi zilizoharibiwa makusudi, zikajifunza ni sura gani safi inayoelekea kuwa nyuma ya ukungu wa namna gani. Zikiona madoa mawili meusi zinachora macho, nayo ni macho ya mtu yeyote anayefaa pale.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu iitwayo PULSE, ambayo ilitafuta sura safi ambayo ikipunguzwa inafanana na picha ndogo iliyopewa. Watu waliipa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa ikawa vipande vichache vya rangi, nayo ikarudisha Mzungu. Ukiipunguza sura ya Mzungu yule unapata vipande vilevile vya rangi, maana sura nyingi tofauti hupungua zikawa picha moja ndogo. Ndiyo maana simwelewi fundi anayejitetea kwamba picha yake ikirudishwa udogo inalingana na ya awali. Isipolingana, amekosea waziwazi. Ikilingana, bado hajathibitisha chochote.

Angalia masikio na shingo ya babu kwenye fremu. Sura imenyooka kama ya jana, lakini masikio, kola na shingo bado ni ukungu, kwa sababu programu nyingi za aina hii huikata sura peke yake, huichora upya, kisha huibandika mahali pake. Angalia pia mng'ao mdogo ndani ya mboni: ni wa dirisha la studio, ilhali wanafunzi wale walikuwa uwanjani na kivuli cha jua la mchana kimelala chini ya nyusi zao. Mama alisema babu alikuwa na mwanya. Kwenye fremu meno yamepangika sawasawa, kwa kuwa pikseli mbili za mwanya zilihesabiwa kuwa uchafu.

Kama bado mna shaka, fanyeni jaribio hili nyumbani. Chukueni picha nzuri ya mjomba aliye hai, mwipunguze mpaka sura iwe na upana wa pikseli 40, kisha muipitishe kwenye programu ileile mkailinganishe na mjomba mwenyewe sebuleni. Mtakachokiona ndicho alichofanyiwa babu.

Sasa kazi yenyewe. Itoeni picha halisi kwenye albamu na muiskani kwa skana bapa, bila simu. Katika karatasi ya sentimita 13 kwa 18 sura yake ina upana wa milimita 4.5 hivi, na ukiskani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, utapata pikseli 106 badala ya 40, ambazo kwa eneo ni karibu mara saba, na zote zimetoka kwenye karatasi. Ukipanda juu ya 1200 mara nyingi unaskani chembe za karatasi yenyewe. Kama studio iliyopiga bado ina negativu, hiyo ni bora kuliko karatasi. Kisha chapisheni sura ndogo, ya sentimita tano au sita, yenye ukungu wake. Mama atamtambua.

App gani nzuri ya bure ya kusafisha picha za zamani?

Swali hili limekuja tena bila mtu kuniambia picha ina ukubwa gani, imepatikanaje, wala inaharibika wapi. Hakuna daktari anayetaja dawa kwa barua ya mstari mmoja. Nitasema hili tu: chagua programu inayokuruhusu kuzima urekebishaji wa sura, kisha uuzime. Wanaotumia Real-ESRGAN kwenye kompyuta waache kuandika `--face_enhance`, inayowasha urekebishaji huo. Wanaotumia CodeFormer, programu ya kurekebisha sura, wajue kwamba thamani ya `-w` ikikaribia 1 programu inang'ang'ania picha uliyoipa, na ikikaribia 0 inang'ang'ania urembo. Programu nyingi za simu hazikuonyeshi swichi yoyote na hupeleka picha yako kwenye kompyuta za watu usiowajua, pamoja na sura za watoto wako, jambo ambalo hakuna aliyeniuliza na ambalo lingepaswa kuulizwa kwanza.

Naweza kubadili mandhari ya nyuma ya picha ya pasipoti kwa akili mnemba?

Hapana, kapige nyingine mbele ya ukuta wa rangi inayotakiwa.

Picha ya marehemu mama akiwa na kanga imekatwa chini, jina la kanga halionekani. Nilitumia kitufe cha Generative Fill cha Photoshop kuongeza sehemu ya chini, ikaniletea herufi zisizosomeka. Nifanyeje zitoke vizuri? (Mombasa)

Naona afadhali hazikusomeka. Programu haijui kwamba pale chini pana ujumbe. Inajua tu kwamba kitambaa cha aina hii huwa na mstari wa maumbo meusi ndani ya kisanduku, kwa hiyo inachora maumbo. Kero yangu kubwa ni siku itakapochora herufi nzuri zinazosomeka. Wewe unajua kuliko mimi kwamba jina la kanga ni kauli: mama alilichagua, akalivaa mbele ya mtu fulani, na huenda yupo jirani anayekumbuka lilimlenga nani. Ukimvisha maneno ambayo hakuyachagua, umemsemea marehemu.

Tazama namna kitufe hicho kinavyofanya kazi. Unachagua eneo tupu, unaacha kisanduku cha maelezo bila kitu, na Photoshop inakupa matoleo matatu ya kuchagua. Yote matatu yanatofautiana, na mwenye kukumbuka kanga moja hawezi kuleta kanga tatu. Zingatia pia kwamba toleo la kwanza la mwaka 2023 lilizalisha kipande kisichozidi pikseli 1024 kila upande na kukivuta kijaze eneo kubwa zaidi, ndiyo maana katika kazi nyingi za wakati ule pindo lililoongezwa lina ulaini ambao kitambaa cha juu hakina. Hata leo, kuza picha mpaka asilimia 100 na utazame mshono: chembe za picha ya zamani zinaishia pale ambapo mashine ilianza.

Ninachokushauri ni kumtafuta dada au shoga ya mama aliyenunua doti ileile. Ikipatikana kanga, ipige picha na uiunganishe kwa mkono, na nyuma ya karatasi uandike kwamba pindo limetoka kwenye kanga nyingine. Isipopatikana, kata picha juu kidogo ya ukingo uliopo, mkatiko uonekane umekusudiwa.

Gari lililomgonga ndugu yangu limeonekana kwenye kamera ya duka, ila namba ni ukungu. Programu gani itaisoma?

Pole sana. Hakuna, na ukijaribu unaweza kumponza mtu asiyehusika, kwa sababu programu inajua namba ya gari hufananaje na itakupa namba iliyokamilika hata kama kamera haikuiona. Baina ya 3 na 8, au B na 8, itachagua moja na kuiandika bila kusita. Mwaka 2024 jaji wa jimbo la Washington, Marekani, aliikataa video iliyoongezwa ubora kwa akili mnemba katika kesi ya mauaji, na nadhani alifanya vema. Nenda kwa mwenye duka leo, kabla kamera haijafuta kumbukumbu zake, uombe faili lenyewe kutoka kwenye mashine ya kurekodi, siyo video iliyopigwa kwa simu mbele ya skrini. Polisi wapewe faili hilo kama lilivyo; mwanga waweza kuongezwa kwenye nakala, na fremu kadhaa zinazofuatana zinaweza kulinganishwa.

Mama alifariki miezi miwili kabla ya harusi yangu. Ni dhambi kumwongeza kwenye picha ya familia? (Nairobi)

Dhambi waulize wengine. Kwangu ni suala la kujua nini ni chake. Ukimkata kutoka picha yake halisi na kumweka pembeni, sura ni yake. Ukiiambia mashine imkalishe kwenye kiti na kuuweka mkono wake begani kwako, basi mkono ni wa kubuni, kitenge ni cha kubuni, na mara nyingi mashine itamgeuza kichwa kidogo ili aelekee kamera, hapo ndipo sura nayo inaponyofolewa. Rangi ya ngozi pia itazamwe kwa makini, kwani nimeona akina mama wengi wakitoka weupe kuliko walivyoingia.

Fanya kazi hiyo kwenye nakala. Hifadhi faili lenye tabaka zake, maana Photoshop huweka kilichozalishwa kwenye tabaka la juu na picha ya awali hubaki chini mpaka wewe mwenyewe uziunganishe. Usitegemee alama zilizofichwa ndani ya faili zimjulishe mtazamaji, kwa kuwa mara nyingi hupotea picha ikitumwa kwenye makundi. Andika kwa herufi ndogo kwenye ukingo mweupe wa picha: "Mama ameongezwa," pamoja na mwaka.

Mkunjo umepita katikati ya uso wa baba kwenye picha ya zamani. Nijaze kwa akili mnemba?

Pale mkunjo unapopita ukutani au kwenye shati, jaza. Usoni tumia zana ya kunakili pikseli kutoka shavu hilohilo, kwa brashi nyembamba isiyozidi upana wa mkunjo, na chora eneo lako la kuchagua liishie ukingoni mwa ufa bila kugusa ngozi iliyosalimika. Kama mkunjo umekula jicho zima, uache.