Jibu: Kumjua tapeli kwa sura

> "Wakuu, ni kweli mtu mwenye macho madogo na kidevu kilichochongoka ni tapeli? Mimi nikimwangalia mtu namjua mara moja."

Mkuu, tapeli mwenye sura ya kitapeli angekufa njaa.

Sura hiyo ilishatafutwa. Miaka ya 1870, Mwingereza Francis Galton alipewa picha za wafungwa, wakiwemo wauaji na wezi. Akazipiga upya moja juu ya nyingine kwenye bamba moja la kamera, kila sura ikipata mwanga kwa muda mfupi tu. Alitarajia kwamba yanayotofautiana yatafifia na yanayofanana yatabaki, na hayo yatakuwa ndiyo sura ya mhalifu. Kilichotokea ni mtu wa kawaida, tena mzuri kuliko wafungwa wenyewe. Galton alikiri kwamba uovu ulikuwa umetoweka.

Hiyo "mara moja" yako, hata hivyo, ipo kweli. Mwaka 2006 Willis na Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonyesha watu sura kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Hukumu zao kuhusu uaminifu zilifanana sana na za watu walioangalia bila haraka. Hapo ndipo tunaponaswa: tukikubaliana, tunadhani tumepatia. Mpigie mtu yule yule picha nyingine, ubadilishe mwanga na pembe, na hukumu inaweza kugeuka. Mara nyingi tunachosoma ni kitu kinachofanana na tabasamu au kununa. Aliyezaliwa na nyusi zilizoinama kuelekea puani anaonekana amekasirika hata akiwa ametulia kabisa.