RAM mbili za GB 8 au moja ya GB 16 yenye spidi?

"Wakuu, nipo Igoma, Mwanza. Nina i5-10400F, bodi ya H410, RAM moja ya GB 8, spidi 2666. Gemu la kujenga miji linagandaganda watu wakiongezeka. Niongeze nyingine kama hii, au niuze ninunue moja ya GB 16, 3200?"

Ongeza nyingine kama hiyo, mkuu. H410 na prosesa hiyo haivuki 2666, kwa hiyo ile ya 3200 itashushwa tu. Moja ya 2666 hupitisha kama GB 21 kwa sekunde. Mbili, kila moja kwenye njia yake ya kwenda kwa prosesa, kama 42. Hata bodi ingekubali 3200, moja ingeishia 25 na ushee. Anayesema spidi ndiyo kila kitu kapatia nusu: njia mbili kwanza, spidi baadaye.

Usitegemee fremu ziwe maradufu. Prosesa inahesabu kila raia, na data isiyoenea kwenye kashe yake lazima iifuate kwenye RAM. Kitakachotulia zaidi ni yale magando ya ghafla. Ila GB 8 zikijaa nazo hugandisha, huenda yote mawili yamekupata.

Kabla ya kupeleka hela Makoroboi, shusha rezolusheni hadi 720p. Fremu zikibaki palepale, mzigo uko kwa prosesa. Zikipanda sana, kadi ya grafiki ndiyo imezidiwa, na RAM hii haitakufaa sana.



Ukishaifunga, programu ya CPU-Z kwenye Memory isomeke "Dual" au "2 x 64-bit". RAM za kampuni tofauti mara nyingi huelewana, mara nyingine mashine hugoma kuwaka, hivyo ijaribu palepale dukani.