Zaka ya duka: asilimia mbili na nusu ya nini?

Wenzangu wenye maduka wanajua kwamba zaka ya biashara ni asilimia 2.5, yaani fungu moja katika arobaini. Wanachoniuliza ni fungu moja la nini. Wengine hupiga hesabu ya faida ya mwaka, wengine huangalia salio la benki tu, na wengine hukadiria kiasi kinachoridhisha nafsi wakakitoa mwezi wa Ramadhani. Njia zote tatu zinaweza kumpunja maskini, na mara nyingine zinampunja mtoaji mwenyewe.

Mimi nafuata maelekezo ya Maymun bin Mihran, mwanachuoni wa tabiina aliyefanya kazi wakati wa Khalifa Umar bin Abdulaziz. Alisema, kwa maana yake, kwamba wakati wa zaka ukifika, tazama fedha ulizo nazo na bidhaa za kuuza, bidhaa hizo uzithaminishe kwa fedha, uongeze deni lililo kwa mtu mwenye uwezo wa kulipa, uondoe deni unalodaiwa, kisha utoe zaka ya kinachobaki. Hesabu nzima imo humo. Kazi iko kwenye kuthaminisha na kwenye madeni.

Nichukue duka la jumla la kanga na vitenge Kariakoo, la dada mmoja niliyekaa naye kuhesabu. Siku yake ya zaka ni tarehe mosi Rajab, na haibadiliki. Mwaka ni wa Hijria. Anayefunga vitabu kwa mwaka wa kawaida hutoa takriban asilimia 2.577, kwa sababu mwaka huo una siku kama kumi na moja zaidi. Bidhaa iliyoingia dukani wiki iliyopita nayo inahesabiwa, maana mwaka ni wa mtaji wote, haupimwi kwa kila robota.

Tulianza na rafu. Bei tuliyoandika ilikuwa ya kuuzia siku ile, wala hatukutazama risiti za manunuzi. Kwa kuwa yeye huuza jumla, tulitumia bei ya jumla. Doti 2,400 za kanga kwa shilingi 12,000 zikawa 28,800,000. Pisi 1,100 za vitenge kwa 16,000 zikawa 17,600,000. Kisha kulikuwa na mashuka 120 ya mtindo uliopita, kila moja alilinunua kwa 30,000. Nikamuuliza, "Dada, mteja akija sasa hivi akitaka kuyabeba yote, utamwachia kwa ngapi?" Akajibu 15,000. Basi ni 15,000, jumla 1,800,000. Bidhaa iliyolala haifutwi kwenye hesabu, ila haibebeshwi bei ambayo hakuna atakayeitoa. Vilevile kanga iliyopanda bei tangu inunuliwe huhesabiwa kwa bei yake mpya.

Mzigo ulioko njiani husahaulika sana. Alikuwa na marobota ya shilingi 9,000,000 bandarini, ameshayalipia na ni mali yake, kwa hiyo yaliingia. Rafu zenyewe, kabati za vioo, feni na gari la kusambazia mzigo havikuingia, kwa sababu havikuwekwa pale ili viuzwe. Bidhaa zote zikafika 57,200,000.

Fedha ni rahisi mradi usisahau mahali zilipo: kwenye droo 1,350,000, benki 6,200,000, kwenye simu 850,000. Hizo ni 8,400,000.

Kisha daftari la madeni, ambalo ndilo lililotuchukua muda mrefu. Kwa kila jina nilimuuliza kama mtu huyo anakubali deni na kama ana uwezo wa kulipa. Majina yaliyojibiwa ndiyo kwa yote mawili yalifika 7,400,000, yakaongezwa. Mteja mmoja anayedaiwa 3,000,000 alifunga duka na simu yake haipatikani. Hilo tuliliandika ukurasa wa peke yake, pamoja na tarehe lilipoanza. Siku likilipwa, wako wanaosema atolee zaka ya miaka yote iliyopita, na wako wanaosema ya mwaka mmoja. Bila tarehe hawezi kufuata kauli yoyote kati ya hizo.

Mpaka hapo tuna 73,000,000.

Sasa anayodaiwa. Alikuwa na kanga za mali kauli za shilingi 11,000,000, alizouziwa na atatakiwa kuzilipa mwezi unaofuata. Mishahara na pango ambavyo tayari vilikuwa vimefikia kulipwa ni 2,000,000. Hizo ni 13,000,000, tukaziondoa, zikabaki 60,000,000. Gawanya kwa arobaini: 1,500,000.

Kuhusu mali kauli, uliza makubaliano yenu kwa undani. Kama umeuziwa, bidhaa ni zako na deni ni lako, kwa hiyo bidhaa unaihesabu na deni unaliondoa. Kama umewekewa tu uuze kwa niaba, na isiyouzika unairudisha, bidhaa hiyo ni ya mwenyewe. Usiihesabu, na usiondoe deni lake. Nimeona watu wakiondoa deni la mzigo ambao hawakuuhesabu, na hapo zaka hupungua bila haki.

Lile gari la kusambazia lilinunuliwa kwa awamu, na bado lilikuwa linadaiwa 18,000,000. Alitaka kuziondoa zote. Nilimzuia, kwa sababu gari lenyewe hatukulihesabu, na deni hilo halidaiwi lote leo. Mwezi ule awamu yake ilikuwa imeshalipwa, kwa hiyo hatukuondoa chochote. Tungeondoa deni zima, zaka ingeshuka hadi 1,050,000, na laki nne na nusu zingewapotea wenye haki nazo.

Hapa kwetu pwani wengi ni Mashafii, na kauli mpya ya Imam Shafii ni kwamba deni halizuii zaka. Kwa kauli hiyo dada huyu angetoa 1,825,000, bila kuondoa zile 13,000,000. Zungumza na shehe unayemwamini, ushike kauli moja, uiandike kwenye daftari, uende nayo kila mwaka. Kuhamahama kati ya kauli mbili kutafuta iliyo nafuu mwaka huu ni jambo ninalolipinga kabisa.

Nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, ni thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za madini ya fedha. Muulize sonara bei siku ileile. Bei ya dhahabu iko juu sana kuliko ya fedha, na mwenye duka dogo anaweza kufikisha nisabu ya fedha bila kukaribia ya dhahabu. Mimi naelekea kwenye ya fedha, kwa sababu inawafikia maskini wengi zaidi. Kwa Mashafii, nisabu ya biashara hutazamwa mwisho wa mwaka, kwa hiyo duka kuyumba katikati hakuvunji hesabu.

Alipomaliza aliuliza kama anaweza kumsamehe mdaiwa wake maskini na kuliita deni lile zaka. Kauli ya wanazuoni wengi ni kwamba haitoshi, kwa sababu zaka hukabidhiwa. Mpe zaka mkononi kama anastahiki, bila kumshurutisha akurudishie. Akiamua mwenyewe kukulipa deni kwa fedha hiyo, ni hiari yake. Na yale mashuka yaliyolala, kwa madhehebu ya Shafii hayatolewi kuwa zaka ya duka. Zaka hiyo hutoka kwa fedha, kwa kuwa thamani ndiyo iliyofanyiwa hesabu. Akitaka kuyagawa, ayagawe kuwa sadaka mbali na ile 1,500,000.