Pau moja ya rangi, nyingine kijivu: kwa mnaoanza kutengeneza ripoti

Ripoti za mwezi zimeanza kuingia, na naona wengi wenu mmeshajifunza kupaka pau moja rangi na kuziacha nyingine kijivu. Nimefurahi, maana zile chati za rangi saba zilikuwa zinatuchosha macho. Lakini makosa ninayoyaona ni yale yale ya waliowatangulia, na moja kati yake ni baya kiasi kwamba ni heri chati ibaki kijivu tupu. Nianze na hilo.

1. Rangi ifuate jina, isifuate nafasi

Kuna kijana alitengeneza chati ya wastani wa siku za kufunga malalamiko, kitengo kwa kitengo. Malipo 14, Usajili 11, Usafirishaji 9, Huduma 7, Ufundi 5, Ghala 4. Alizipanga kuanzia kubwa kwenda ndogo, akabofya pau ya tatu mara moja zikachaguliwa zote, akabofya tena ikabaki yenyewe, akaipaka bluu. Juu akaandika: "Usafirishaji: siku 9, kutoka 4 za Januari." Kazi safi, na nilimwambia hivyo.

Mwezi uliofuata akaingiza takwimu mpya kwenye jedwali lile lile na kulipanga upya. Usafirishaji walikuwa wamejitahidi, wameshuka hadi 6, hivyo wakaenda nafasi ya nne. Huduma, ambao hawakubadilika, wakasogea hadi ya tatu. Kichwa cha chati alikirekebisha vizuri, "Usafirishaji: siku 6, kutoka 9", lakini bluu ilibaki palepale ilipokuwa, kwenye pau ya tatu. Kikaoni mkurugenzi akatazama pau ya bluu, akasoma 7, akamgeukia mkuu wa Huduma na kumuuliza kulikoni. Yule mama akaanza kueleza upungufu wa watu kitengoni kwake, jambo ambalo hakuna aliyelileta. Na Usafirishaji, waliostahili kupongezwa siku ile, wakakaa kimya wasielewe kama wamesifiwa au wamesahauliwa. Mjadala ulikwenda mbali kabla mtu hajasoma jina lililo chini ya pau.

Angalieni kilichotokea: chumba kizima kiliiamini rangi kabla ya kusoma maneno. Ndiyo nguvu ya mbinu hii, na ndiyo maana ikikosea inakosea vibaya kuliko chati isiyo na rangi.

Sababu yake ni hii. Ukipaka pau moja kwa mkono, Excel inaikumbuka kama alama ya tatu kwenye mfululizo. Haijui kwamba uliikusudia Usafirishaji. Ukipanga upya, majina na namba huhama kwenye seli, rangi haihami. Kwa hiyo acheni kupaka kwa mkono chati yoyote itakayotumika zaidi ya mara moja. Majina yakiwa A2 hadi A7 na namba B2 hadi B7, andika kitengo unachokitaka kwenye E1, kisha ongeza safu mbili, C ya rangi na D ya kijivu:

```
C2:  =IF(A2=$E$1,B2,NA())
D2:  =IF(A2=$E$1,NA(),B2)
```

Buruta fomula hadi mstari wa 7, chora chati ya Stacked Bar kwa safu A, C na D tu, mpe C bluu na D kijivu. Tumieni NA(), msiweke nukuu tupu, kwa sababu nukuu tupu huchorwa kama sifuri na lebo za "0" zitatapakaa kwenye chati. Sasa panga upya utakavyo, bluu itamfuata mwenyewe.

Kichwa nacho kifunge kwenye seli hiyo hiyo. Jenga sentensi kwenye F1, kisha chagua kichwa cha chati, andika alama ya = kwenye upau wa fomula na ubofye F1:

```
=E1&": siku "&INDEX(B2:B7,MATCH(E1,A2:A7,0))
```

Faida ya mpango huu ni kwamba ukikosea unaonekana. Ukiandika jina vibaya kwenye E1, au ukiacha nafasi mwishoni mwa jina, pau zote zitakuwa kijivu na kichwa kitatoa #N/A. Utalijua kosa ukiwa mezani kwako, kabla ya kikao.

Mnaotumia Python msijione mmepona. Nimekuta orodha ya rangi imetengenezwa kabla ya `sort_values`, na hapo ni ugonjwa uleule. Panga kwanza, rangi baadaye:

```python
lengo = "Usafirishaji"
df = df.sort_values("siku")
rangi = ["#0072B2" if k == lengo else "#BFBFBF"
         for k in df["kitengo"]]
ax.barh(df["kitengo"], df["siku"], color=rangi)
```

2. Pau ndefu kuliko zote haihitaji msaada wako kila mara

Urefu wake umeshaivutia macho. Rangi inafanya kazi kubwa zaidi pale ambapo habari iko katikati, kama Usafirishaji walivyokuwa wa tatu, mahali ambapo hakuna ambaye angewaona. Lakini mkifanya hivyo jueni swali litakalofuata: "Na hii ya siku 14 mbona hamuisemi?" Swali hilo ni la haki. Wekeni maneno machache ya kijivu pembeni ya pau ya Malipo, kwa mfano kwamba siku zao hazijabadilika tangu Januari, la sivyo itaonekana mmetumia rangi kuwaficha.

Na rangi ni kwa pau moja. Mtafiti Anne Treisman na mwenzake walionyesha mwaka 1980 kwamba kitu chenye rangi ya pekee kati ya vinavyofanana huonekana papo hapo, hata wenzake wakiwa wengi. Ukiongeza ya pili kwa rangi nyingine, na ya tatu, jicho linarudi kutafuta moja moja. Kuna binti mchapakazi sana aliniletea chati ya pau sita, nne zimepakwa, akasema zote ni muhimu. Nikamwomba aandike kichwa cha chati. Alipoandika sentensi moja, pau tatu zikarudi kijivu zenyewe.

3. Kijivu cha pau si kijivu cha maandishi

#BFBFBF inafaa kwa pau kwa sababu inarudi nyuma bila kupotea, japo kwenye projekta iliyofifia huenda ukahitaji iliyokolea zaidi. Majina ya vitengo yakipakwa kijivu hicho hayasomeki kwenye karatasi nyeupe; tumieni #595959. Rangi ya mkazo nayo iwe nzito kuliko kijivu, isiwe tofauti kwa rangi tu. Ile bluu ya #0072B2 hubaki nyeusi zaidi hata ripoti ikichapishwa bila rangi, na asiyetofautisha nyekundu na kijani ataiona. Njano hupotea kabisa. Kabla ya kutuma, fungueni Grayscale kwenye menyu ya View ya PowerPoint mjionee.

4. Kuna chati zisizotakiwa kupakwa

Jedwali la marejeo, ambalo kila mkuu wa kitengo anajitafuta mwenyewe, halina habari moja. Msimchagulie mtu. Hapo ndipo E1 inapookoa muda: badilisha jina, hifadhi nakala, na kila mkuu apate chati ileile yenye pau yake ya bluu na wenzake kijivu. Kabla ya kutuma, soma jina la faili na jina la pau ya bluu kwa pamoja, nakala kwa nakala.