Silabi inayomezwa: toni nyepesi na "r" ya Beijing katika ulimi wa Mswahili

Neno la kwanza la Kichina nililolikosea mbele za watu lilikuwa neno la kuomba radhi. Nilimkanyaga bibi mmoja ndani ya basi la Beijing, nikamwambia duìbuqǐ, lakini mkazo wote nikaubwaga katikati: dui-BU-qi. Bibi alinisamehe. Mjukuu wake hakunisamehe, maana aliirudia ile "BU" yangu mara tatu huku akicheka, na ndivyo nilivyojua kwamba kuna kitu sijafundishwa, au nilifundishwa nikiwa nasinzia.

Kosa lile si la kwangu peke yangu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ka-RI-bu, sa-MA-ki, ki-ta-BU-ni. Hatufikirii, mdomo unafanya wenyewe. Sasa katika duìbuqǐ, silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo ile hasa ambayo Mchina anaimeza. Ni vivyo hivyo kwa hǎo bu hǎo, "ni sawa au siyo", ambayo sisi tunaitamka hao-BU-hao, na kwa kàn yi kàn, "tazama kidogo", na kwa háizimen, "watoto", ambayo kwetu hugeuka hai-ZI-men. Ukijisikia unaikandamiza silabi ya katikati, simama. Nguvu iende mwanzoni: HÁI, kisha zimen ipite haraka kama mtu anayekwepa mvua.

Silabi hizi zina toni ambayo Wachina wanaiita qīngshēng, yaani sauti nyepesi. Vitabu vingi husema ni silabi "isiyo na toni" na kuishia hapo. Maelezo hayo yalinipotosha kwa mwaka mzima, kwa sababu kila sauti inayotoka kinywani lazima iwe na kimo fulani. Ukweli ni kwamba silabi nyepesi haina toni yake, bali hupewa kimo na silabi iliyoitangulia.

Bahati nzuri, familia ya Kichina inatosha kufundishia jambo hili. Chukua mama, babu, bibi na baba: māma, yéye, nǎinai, bàba. Silabi za mwanzo zina toni ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne kwa mfuatano, na silabi za mwisho zote ni nyepesi. Hebu tutumie ngazi ya vidato vitano, 1 ikiwa chini kabisa na 5 juu kabisa. Katika māma, silabi ya kwanza iko juu, ya pili inaangukia karibu na kidato cha 2. Katika yéye, ya kwanza inapanda, ya pili inatua katikati, kidato cha 3. Katika bàba, ya kwanza inaporomoka na ya pili inakaa sakafuni, kidato cha 1. Hapo sisi hatuna shida. "Mama" na "baba" zetu zenyewe zina mkazo mwanzoni na mwisho hafifu, kwa hiyo tunapata alama za bure.

Shida ni bibi. Baada ya toni ya tatu, silabi nyepesi hupanda mpaka kidato cha 4. Maana yake ni kwamba nǎi iko chini kabisa, na ile nai fupi ya pili iko juu yake. Kwa Mswahili hilo ni jambo la kinyume, kwa sababu kwetu silabi yenye mkazo ndiyo pia hupanda juu. Tunasema NAI-nai, juu halafu chini, na Mchina anasikia kitu kingine. Jifunze kutenganisha mambo mawili: silabi nzito inaweza kuwa ya chini, na silabi nyepesi inaweza kuwa ya juu. Mimi nilifanya mazoezi ya nǎinai, jiějie (dada mkubwa), yǐzi (kiti) na wǒmen (sisi) kwa wiki mbili bila kugusa kingine, nikishusha sauti hadi kooni kwenye silabi ya kwanza kisha nikiiachia ya pili ijirukie yenyewe. Usiisukume. Ukiisukuma inakuwa ndefu, na ikiwa ndefu si nyepesi tena.

Na urefu ndio alama kuu. Nilipoanza kujirekodi na kufungua sauti kwenye Praat, programu ya bure iliyotoka Chuo Kikuu cha Amsterdam, niliona kwamba silabi nyepesi za mwalimu wangu zilikuwa karibu nusu ya urefu wa silabi kamili. Zangu zilikuwa sawa na nyingine. Mstari wa buluu wa kimo cha sauti ulikuwa mzuri kabisa, lakini muda ulikuwa mbovu. Silabi inapofupishwa hivyo, irabu nayo huchakaa: a ya mwisho katika māma haifunguki kama ya mwanzo, na dòufu, yule tofu wa sokoni, mara nyingi husikika kama "dòuf" tu, u ikibaki pumzi.

Jaribu sentensi hii, ambayo niliitunga kwa kujitesa: Yǐzi shang de dōngxi shì nǎinai de, "vitu vilivyo juu ya kiti ni vya bibi". Ina silabi kumi, na sita kati yake ni nyepesi. Piga meza mara nne tu: kwenye yǐ, dōng, shì na nǎi. Yǐ inashuka chini, zi inaruka juu, kisha shang na de zinateremka taratibu kutoka pale zi ilipofika. Dōng inasimama juu, xi inaanguka. Shì haina haja ya nguvu nyingi, lakini toni yake inabaki. Nǎi chini, nai juu, de inashuka. Ukijikuta unapiga meza mara tano au sita, kuna silabi umeipa uzito usio wake, na kwa sisi huwa ni shang.

Utajuaje silabi ipi ni nyepesi? Nyingine hazihitaji kukaririwa: viungo vya sentensi kama de, le, ma, ne, ba, men ya wingi, shang na li zinapofuata nomino, na jina la ndugu linalorudiwa. Kiambishi zi nacho ni chepesi, lakini hapa kuna mtego. Katika yǐzi, zhuōzi (meza) na háizi, zi haina maana yake yenyewe. Katika liánzǐ (mbegu za yungiyungi) na diànzǐ (elektroni), zǐ ina maana ya mbegu au chembe, basi inabaki na toni yake kamili. Ukiilegeza liánzǐ unapata liánzi, ambayo ni pazia. Vivyo hivyo Sūnzǐ ni yule bingwa wa kale wa mbinu za vita, na sūnzi ni mjukuu.

Maneno mengine hayana kanuni, lazima uyakute kwenye kamusi. Dōngxī ni mashariki na magharibi, dōngxi ni kitu. Dàyì ni muhtasari wa maana, dàyi ni uzembe. Kamusi ya Xiàndài Hànyǔ Cídiǎn huweka nukta mbele ya silabi nyepesi. Ukiona nukta pamoja na alama ya toni, kama yīn·wèi, "kwa sababu", maana yake silabi hiyo kwa kawaida ni nyepesi lakini ukiitamka kamili hukukosea. Mimi maneno ya namna hiyo siyapotezei usingizi.

Ila kuna hatari ya upande wa pili. Mswahili akishaonja utamu wa silabi nyepesi, anailegeza kila silabi ya mwisho, kwa kuwa mdomo wake ulitaka hivyo tangu zamani. Maneno mengi ya silabi mbili katika Kichina hayako hivyo: ya mwisho ni kamili, na mara nyingi ndiyo ndefu zaidi. Běijīng si BEI-jing. Acha jīng isimame juu, mpaka ikuchoshe kidogo.

Sasa ile "r", yaani érhuà. Hapa neno halipati silabi mpya, ila irabu inakunjwa mwishoni. Sisi tunakosea mara mbili. Kwanza tunatumia r ya "rangi", ambayo ulimi hugonga. Pili, kwa kuwa lugha yetu haipendi silabi inayofungwa na konsonanti, tunaongeza irabu: wánr, "kucheza", inakuwa "wan-ra". Fanya hivi: sema wá, na kabla irabu haijaisha, inua ncha ya ulimi uirudishe nyuma bila kugusa popote. Umeona n haipo? Huandikwa lakini haitamkwi. Yìdiǎnr, "kidogo", ni "yìdiǎr", silabi mbili. Xiǎoháir, "mtoto mdogo", hupoteza i na kuwa "xiǎohár". Ng haipotei hivyo, bali huiachia irabu sauti ya puani: kòngr, "nafasi ya muda". Na usichanganye na nǚ'ér, "binti", ambamo ér ni silabi kamili yenye toni yake.

Kimaana, r hii hufanya kazi karibu na "ki" yetu ya kudogosha, ila inakaa mkiani. Lango kuu kama Tiān'ānmén halipewi r, huwezi kulidogosha. Dōngbiànmén, lango dogo la zamani la Beijing, wenyeji huliita kwa r. Mlango wa nyuma, hòuménr, unayo pia, hata ule wa kupitia kwa kujuana. Wakati mwingine maana inahama kabisa: tóu ni kichwa, tóur ni bosi.

Kwa hiyo usinyunyize r kama chumvi. Mwezi nilipokuwa nimelewa lafudhi ya Beijing, niliingia duka la mtaani kutafuta unga wa ngano nipike chapati. Unga huo ni báimiàn. Mimi nikaomba báimiànr. Muuzaji aliweka chini kikokotoo akanitazama, kisha akacheka mpaka akakaa, kwa sababu nilikuwa nimeagiza heroini.

Kama unaishi Guangzhou, pale Xiaobei ambako wengi wetu hununulia mzigo, hutaisikia r hii sana. Watu wa kusini huuliza "wapi" kwa nǎli, si nǎr, na silabi nyingi ambazo Beijing inazimeza wao huzitamka kamili. Huko ningekushauri utumie nǎli na zhèli, uache r kabisa katika kusema, lakini masikio yako yawe yanazijua nǎr, zhèr, wánr na yìdiǎnr, maana zimo kwenye rekodi za kusikiliza za mtihani wa HSK. Toni nyepesi za de, le na zi usiziache popote. Na ukimkanyaga mtu, bu ipite bila kugusa ardhi: DUÌ-bu-qǐ.